Barua ya «assemblea» kutoka Italia: namna ya kuisoma ukiwa Bel-Air

Kuna familia za Lubumbashi zenye apartema Italia: baba alifanya kazi kule miaka mingi akanunua, ao mtoto alinunua kwa kulipa benki polepole. Mwenye nyumba akirudi Kongo, ao akifariki na kuacha warizi, barua za Kiitalia zinaendelea kutumwa. Ile inayotupwa zaidi ni karatasi ya kuita mkutano wa wenye nyumba. Lakini ndiyo inayoamua pesa gani italipwa, na kazi gani itafanywa ao haitafanywa.

Chukua mfano wa mama mmoja mjane anayekaa Bel-Air, katika komine ya Kampemba. Bwana yake alinunua apartema Torino, etaji ya mwisho, chini ya paa, katika jengo lenye apartema kumi na mbili na wenyeji kumi na wawili. Baba alipofariki, apartema ilipita kwa mama na watoto wake wawili: mmoja anakaa naye Bel-Air, mwingine anafanya kazi Kolwezi. Ndani ya apartema kuna mpangaji. Lokasion inaingia kila mwezi, na kwa familia, mambo ya Torino yalikuwa yameisha hapo.

Mwisho wa mwezi wa kumi, mpangaji akatuma picha kwenye WhatsApp. Picha ya kwanza ilikuwa ya plafo ya chumba cha kulala: doa kubwa la maji, rangi inabanduka. Picha ya pili ilikuwa ya barua iliyokaa wiki mbili juu ya meza yake. Kwa juu iliandikwa «Avviso di convocazione di assemblea».

«Mi nilisoma asamble, nikafikiri ni mambo ya kanisa,» mama akamwambia mtoto.

«Apana, mama. Ni mkutano wa benye nyumba. Na batu bamesha kukutana.»

Sio parseli, ni jengo moja lenye wenyeji wengi

Kwa mukaaji wa Lubumbashi, nyumba ni parseli. Kuna namba, kuna ukuta, kuna sertifika ya kuandikishwa, na mwenye jina kwenye ile karatasi ndiye anaamua. Paa likitoboka, yeye anaita fundi. Kama hana pesa, maji yanaingia kwake peke yake.

Ndani ya jengo la Italia hakuna parseli ya kila mtu. Mama ana vyumba vyake, lakini paa, ngazi, msingi, kuta za inje, mlango mkubwa, asanseri na mabomba makubwa ni vya wote kumi na wawili pamoja. Hali hiyo Waitalia wanaiita «condominio». Sheria yake iko ndani ya Kodi ya Sheria za Raia, kuanzia kifungu cha 1117 mpaka cha 1139, na ilitengenezwa upya kwa sheria namba 220 ya mwaka 2012, iliyoanza kazi mwezi wa sita 2013.

Kwa hiyo mama hawezi kutuma fundi wake apande juu ya paa kama ni lake. Paa liko juu ya kitanda cha mpangaji wake, lakini ni la watu kumi na wawili. Kulitengeneza kunaamuliwa na mkutano, yaani ile «assemblea». Na upande mwingine, wa etaji ya chini ambaye hasikii hata tone la mvua analipa vilevile, kwa sababu paa linafunika jengo zima. Hata anayeacha apartema tupu hawezi kusema: mi siko kule, sitalipa. Sheria haimpe njia ya kukataa vitu vya wote ili aepuke gharama zake.

Anayeendesha mambo ya kila siku anaitwa «amministratore», msimamizi. Jengo likiwa na wenyeji zaidi ya wanane, ni lazima msimamizi awepo. Anakusanya pesa, anaziweka katika konti ya benki yenye jina la jengo, anaita mafundi, na kila mwaka anatoa hesabu. Lakini yeye sio shefu wa jengo. Yeye anatumikishwa na mkutano, na mkutano unaweza kumuondoa.

Milesimi: uzito wa kila apartema

Mahali ambapo familia nyingi zinapotea ni neno «millesimi». Maana yake ni mafungu ya elfu. Thamani ya jengo zima inahesabiwa kuwa 1.000, halafu kila apartema inapewa sehemu yake ndani ya ile elfu. Anayejua Kifaransa atasikia neno «mille» ndani yake.

Ile sehemu haihesabiwe kwa idadi ya watu wanaolala ndani, na haihesabiwe kwa pesa ya lokasion. Sheria inakataza hata kuangalia kama apartema imepakwa rangi nzuri ao imezeeka. Kinachoangaliwa ni mambo yasiyobadilika haraka: ukubwa wa vyumba, etaji, upande inaoelekea, mwangaza. Fundi wa vipimo anapiga hesabu, inaandikwa kwenye meza moja inayobakia pamoja na kanuni za jengo.

Apartema ya mama ina milesimi 74. Ni kusema yeye na watoto wake wana mafungu 74 kati ya 1.000 ya jengo.

Ndani ya parseli za Bel-Air, wapangaji wakiwa na konteri moja ya SNEL, fakitire inagawanywa kwa milango ao kwa watu, na kila mwezi kuna mabishano: huyu ana friji, yule anapika na umeme. Milesimi ni jibu la Waitalia kwa mabishano ya namna hiyo. Kama kazi ya paa inagharimu euro 60.000, hesabu ni fupi: 60.000 mara 74, gawanya kwa 1.000. Mama anapaswa kulipa euro 4.440. Mwenye apartema kubwa ya milesimi 120 atalipa 7.200.

Lakini sio kila gharama inafuata ile meza ya kwanza. Kwa ngazi na asanseri, sheria inagawanya gharama mara mbili: nusu inafuata milesimi, nusu inafuata urefu wa etaji. Anayekaa juu anatumia asanseri zaidi, basi analipa zaidi. Ndiyo maana mwenye apartema ya etaji ya mwisho anaweza kuona fakitire ya asanseri iko kubwa kuliko alivyowaza, na hakuna mtu aliyemwiba. Kabla ya kulalamika, aombe meza iliyotumiwa kwa ile gharama.

Milesimi zina kazi ya pili, na hapo ndipo apartema ya Torino ilikwama. Hazisemi tu nani analipa ngapi. Zinasema pia sauti ya kila mtu ina uzito gani siku ya kupiga kura.

Barua yenyewe, mstari kwa mstari

Barua ya mama ilikuwa ukurasa mmoja. Kwa juu kuna jina la msimamizi na anwani ya jengo. Halafu tarehe mbili, na tarehe mbili ndizo zinamchanganya mtu.

Ya kwanza iliandikwa «prima convocazione»: Alhamisi 16 Oktoba, saa 23:00. Ya pili iliandikwa «seconda convocazione»: Ijumaa 17 Oktoba, saa 18:30, katika sale ya parokia.

Mtu anaweza kujiuliza: nani anaita mkutano saa tano ya usiku? Jibu ni kwamba msimamizi mwenyewe hatarajii mtu kuja. Mkutano wa kwanza unadai watu wengi sana: zaidi ya nusu ya wenyeji, na wawe na theluthi mbili za thamani. Kwa jengo hili, ni watu 7 wenye milesimi 667. Ni vigumu kuwapata. Mkutano wa pili unadai kidogo: theluthi moja ya wenyeji na theluthi moja ya thamani, ni kusema watu 4 wenye milesimi 334. Basi desturi kule ni kuweka wa kwanza saa mbaya, hauna mtu, halafu kesho yake mkutano wa kweli unafanyika. Sheria inataka tu wa pili usiwe siku moja na wa kwanza, na usipite siku kumi baada yake.

Anayesoma barua haraka anaona saa 23:00, anacheka, anaitupa. Tarehe ya kushika ni ya pili.

Chini ya tarehe kuna «ordine del giorno», orodha ya mambo yatakayozungumuzwa. Barua ya mama ilikuwa na manne: hesabu za mwaka, kutengeneza paa, kumthibitisha msimamizi, na mwisho «varie ed eventuali», mambo mengineyo. Orodha hii sio mapambo. Jambo ambalo halikuandikwa hapo haliwezi kuamuliwa hivihivi siku ya mkutano. Chini ya «mambo mengineyo» watu wanaweza kuulizana habari ao kulalamika juu ya baiskeli kwenye ngazi, lakini sio kupitisha kazi ya maelfu ya euro. Kama ripoti inaonyesha kazi kubwa imepitishwa chini ya neno hilo, pale kuna kosa la kuuliza avoka.

Barua inapaswa kufika siku tano kabla ya tarehe ya kwanza, sio ya pili. Na inapaswa kutumwa kwa njia yenye ushahidi: barua ya posta ya kusainiwa («raccomandata»), barua pepe yenye muhuri wa sheria («PEC»), faksi, ao kupewa mkononi. Imeili ya kawaida na ujumbe wa WhatsApp havimo ndani ya orodha ya sheria.

Watano walishinda, lakini paa likabaki

Wiki moja nyuma ya zile picha, mpangaji akatuma «verbale», ripoti ya mkutano. Mtoto wa mama akaisoma kwa sauti, akitafsiri kidogokidogo.

Siku ya 17 Oktoba walifika watu 7, wenye milesimi 540 wote pamoja. Mkutano ulikuwa halali. Juu ya hesabu za mwaka, watu 5 wenye milesimi 430 walikubali, 2 wenye 110 walikataa. Ikapita. Juu ya paa, kura zilikuwa zilezile: 5 wanakubali na milesimi 430, 2 wanakataa na 110. Haikupita.

«Namna gani? Batu ni balebale,» mama akauliza.

Sababu ni hii. Kwa jambo la kawaida, katika mkutano wa pili, inatosha wengi wa waliofika, wakiwa na theluthi ya thamani, ni kusema milesimi 334. Wale watano walikuwa na 430, wakapita. Lakini kutengeneza paa kwa euro 60.000 sio jambo la kawaida. Kwa matengenezo makubwa, sheria inadai wengi wa waliofika na pia nusu ya thamani ya jengo zima, milesimi 500, hata kama ni mkutano wa pili. Kumweka msimamizi ao kumuondoa kunadai kipimo kilekile, na ndiyo sababu jambo la tatu la orodha lilisogezwa vilevile.

Ni mizani mbili kwa pamoja: vichwa na milesimi. Tajiri mmoja mwenye milesimi nyingi hawezi kuamua peke yake, kwa sababu ni kichwa kimoja. Na watu wengi wenye apartema ndogo hawawezi kumlazimisha yeye kulipa, kama milesimi zao hazifiki. Kwa paa la Torino vichwa vilitosha. Milesimi zilipungua 70.

Apartema ya mama ina 74.

Mama alikuwa anaogopa kwamba wazungu wamekutana bila yeye ili wamlipishe. Kumbe kilichotokea ni kinyume. Walikutana bila yeye, na kwa sababu hakuwepo, paa lililo juu ya apartema yake mwenyewe halikutengenezwa. Mpangaji alikuwa ameshaanza kusema kwamba atapunguza lokasion kama maji yanaendelea kuingia.

Barua ilienda wapi?

Wazo la kwanza la familia lilikuwa kulalamika kwamba haikuitwa vizuri. Ni kweli kwamba mwenye nyumba ambaye hakuitwa, ao aliitwa kwa kuchelewa, anaweza kuomba uamuzi wa mkutano uvunjwe. Lakini hapa shida ilikuwa nyumbani.

Msimamizi anashika kitabu cha majina ya wenyeji, na sheria inamtaka kila mwenyeji kumjulisha mabadiliko kwa maandishi ndani ya siku 60. Tangu baba afariki, hakuna aliyemwandikia. Barua iliendelea kwenda kwenye apartema, kwa jina la marehemu, na mpangaji hana kazi ya kuituma Kongo. Ni vigumu kumshitaki msimamizi kwa kutumia anwani pekee aliyopewa.

Basi jambo la kwanza familia ilifanya ni kuandika barua moja. Iliweka majina ya warizi watatu, namba zao za kodi za Italia, namba ya apartema katika kitabu cha ardhi, na anwani mpya ya kupokelea barua: nyumba ya mpwa wa mama, mtoto wa yaya yake, anayekaa Torino. Kuchagua anwani ya ndugu aliye Italia ni njia nyepesi kuliko kungoja barua ya kusainiwa ifike Bel-Air. Imeili ya mama iliandikwa pia, ili msimamizi awe anatuma kopi, lakini kama nyongeza tu.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi: nani anasema kwa ajili ya apartema? Warizi ni watatu, lakini apartema moja ambayo haijagawanywa inahesabiwa kuwa kichwa kimoja. Sheria inawapa nafasi ya mjumbe mmoja tu, wanayemchagua wao wenyewe. Wa Kolwezi hawezi kupiga kura ya «apana» na wa Bel-Air «ndiyo». Wapatane kwanza nyumbani. Wakikosa kupatana, itabidi kufuata njia ya wenye mali ya pamoja, na inaweza kufika mbele ya judji. Wale watatu walizungumuza kwa simu jioni moja, wakakubaliana mama awe sauti yao, wakaandika karatasi na kuisaini wote.

Delega: karatasi ndogo yenye milesimi 74

Asiyeweza kufika anatuma mtu. Karatasi hiyo inaitwa «delega», na mara nyingi nafasi yake inakuwa imechapwa chini ya barua ya kuita, pamoja na mstari wa kukata. Inajazwa jina la mwenyeji, jina la anayetumwa, tarehe ya mkutano, halafu saini. Sheria inadai iwe kwa maandishi. Kumpigia msimamizi simu na kusema «mpwa wangu atakuja» hakutoshi.

Kuna mambo mawili ambayo watu wanakosea. La kwanza ni kumpa msimamizi mwenyewe ile karatasi, kwa kuwaza kwamba yeye ndiye anajua mambo. Sheria imekataza: msimamizi hawezi kupewa delega kwa mkutano wowote. La pili ni kusaini na kumwachia mjumbe aamue. Ndani ya sale, mkono wa mjumbe ni mkono wa mwenyeji. Kama ameinua vibaya, hiyo ni kesi kati ya ndugu na ndugu, jengo halimo. Mama alimwandikia mpwa wake mistari mitatu: hesabu, ukubali kama risiti zinaonekana, paa, ukubali, msimamizi, ukubali kwa mwaka mmoja. Mtu mwenye wasiwasi juu ya bei ya paa anaweza pia kuomba msimamizi amtumie mbele ya mkutano bei za mafundi, ili alinganishe.

Katika majengo yenye wenyeji zaidi ya ishirini, mjumbe mmoja hawezi kubeba zaidi ya sehemu moja ya tano ya wenyeji na ya thamani. Hapa wako kumi na wawili, lakini kanuni za jengo zinaweza kuweka mpaka wake, kwa hiyo ni vema kuzisoma.

Kuna njia ingine, mkutano kwa video. Inawezekana kama wengi wa wenyeji wamekubali mbele, na barua inapaswa kutaja ni jukwaa gani na saa gani. Hapo, anayeingia kutoka Lubumbashi aangalie saa. Wakati wa majira ya joto ya Ulaya, saa ya Torino na ya Lubumbashi ni moja. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi mpaka Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu, Torino inabaki nyuma saa moja: 18:30 ya kule ni 19:30 ya Bel-Air.

Mkutano mpya uliitwa mwezi wa kwanza. Barua ilifika kwa mpwa siku nane mbele. Walifika wale saba wa kwanza, na mpwa akiwa wa nane na delega yake. Juu ya paa, waliokubali walikuwa 6 kati ya 8, na milesimi 430 zikaongezeka 74. Zikawa 504. Paa likapita.

Nyuma ya kura: siku 30, na pesa

Uamuzi ukipita, unawafunga wote, hata waliokataa, hata wasiofika. Anayeona sheria imevunjwa ana siku 30 tu za kuushambulia. Kwa aliyekuwepo akakataa ao asiyepiga kura, siku zinaanza siku ya uamuzi. Kwa ambaye hakufika, zinaanza siku ripoti inapomfikia. Ikifika tarehe 6 Machi, mwisho ni tarehe 5 Aprili. Kabla ya judji, ni lazima kupita kwenye upatanishi wa sheria, na avoka anahitajika. Na kufungua kesi peke yake hakusimamishe malipo, mpaka judji aamuru hivyo. Kwa hiyo «nimekataa, sitalipa» sio njia.

Kwa kazi kubwa kama ya paa, mkutano unapaswa kuweka mfuko wa pekee wenye pesa sawa na bei ya kazi. Kama mkataba na fundi unasema alipwe kadiri kazi inavyoendelea, mfuko unaweza kujazwa polepole vilevile. Ndiyo njia iliyochaguliwa: 4.440 za mama ziligawanywa mara sita, euro 740 kila mara. Karatasi yenye tarehe za kulipa inaitwa «riparto». Ni ya kushika pamoja na ripoti, kwa sababu hizo mbili ndizo zinaweza kufika mbele ya judji.

Maana msimamizi hana ruhusa ya kungoja bila mwisho. Mkutano usipomsamehe kazi hiyo, anapaswa kufuatilia madeni ndani ya miezi sita tangu mwaka wa hesabu ulipofungwa. Akiwa na ule mgawanyo uliopitishwa, anaweza kumwomba judji «decreto ingiuntivo», amri ya kulipa. Amri hiyo inatolewa bila kumwita mdeni kwanza, na inaanza kazi palepale, hata kama mdeni anataka kuipinga. Gharama za avoka zinaongezeka juu ya deni. Mwisho wake, apartema inaweza kushikwa na kuuzwa. Kwa familia iliyo mbali, dalili ya kwanza ni neno «moroso» mbele ya jina lao katika hesabu: maana yake ni mtu aliyechelewa kulipa. Anayeliona amwandikie msimamizi mara moja kuomba mpango wa kulipa, kabla karatasi haijafika kwa judji.

Mama wa Bel-Air alifanya hesabu yake na lokasion. Miezi kadhaa pesa ya mpangaji itaenda yote kwenye paa, na karo ya shule ya wajukuu itatafutwa mahali pengine. Hakufurahi. Lakini mpangaji amebaki, na mafundi wanangoja baridi ya Torino iishe ili wapande juu.

Karatasi za jengo sasa zinakaa ndani ya faradi moja, chini ya sertifika ya parseli: barua ya kuita, meza ya milesimi, kopi ya delega, ripoti, na tarehe sita za kulipa. Juu ya faradi, mtoto ameandika kwa kalamu nyekundu: 74.